Mbwa amekatwa na bati chini ya unyayo: kuzuia damu, kuosha, na kujua lini ashonwe

Huku Mbeya ujenzi haukomi, kuanzia Uyole hadi Mbalizi, na mafundi wa paa wakimaliza kazi huacha vipande vya bati kwenye nyasi. Mbwa akikanyaga kipande hicho anakatwa vibaya kuliko anavyoonekana. Chupa huacha jeraha lenye kingo zilizochanika, ukiliangalia tu unajua ni baya. Bati hukata kama wembe. Mbwa akilala kingo zinakutana, damu inapungua, na mwenye mbwa anasema ni mkwaruzo. Akisimama, uzito wake unalifungua tena. Kwa hiyo nitaeleza jeraha la bati kwenye ile mito nyeusi ya chini ya unyayo, maana ndilo linaloletwa kwetu madaktari wa mifugo likiwa limechelewa.

Kwanza, mdomo. Mbwa mpole akiumia anauma, hata mtoto aliyemlea. Chukua bandeji au kipande cha kanga chenye urefu wa mita moja hivi, tengeneza kitanzi, kipitishe juu ya pua na ukikaze. Pishanisha ncha chini ya kidevu, zipeleke nyuma ya masikio, ufunge fundo linalofunguka kwa kuvuta mara moja. Usimfunge mbwa anayetapika au anayehema kwa shida. Akikuuma, osha hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali ukaeleze, hata kama mbwa ni wako na amechanjwa kichaa.

Pili, damu. Mlaze ubavu, mguu uliokatwa ukiwa juu. Kunja kitambaa safi au shashi iwe nene, weka juu ya jeraha, bana kwa kiganja. Angalia saa: dakika 10 kamili bila kuinua kuchungulia. Kila unapochungulia unang'oa damu iliyoanza kuganda na unaanza upya. Kitambaa kikilowa usikitoe, ongeza kingine juu yake ukaze zaidi.

Mito ya unyayo ina mishipa mingi midogo, kwa hiyo varanda inaweza kuonekana kama bucha wakati kilichomwagika hakijai kikombe cha chai. Mbwa wa kilo 20 ana damu karibu lita moja na nusu au zaidi kidogo. Ukitaka kujua kama amepoteza nyingi, inua mdomo wa juu ubonyeze ufizi kwa kidole. Ufizi mzuri una rangi ya waridi, na ukiachia rangi inarudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ukiwa mweupe, au rangi ikichelewa, au damu ikiruka kwa mapigo, usihangaike na kuosha. Endelea kubana na mpeleke kwa daktari hivyohivyo.

Usifunge mguu kwa mpira wa baiskeli au kamba. Nimeona kidole kikioza kwa sababu ya kamba iliyosahauliwa usiku mmoja, wakati jeraha lenyewe lilikuwa dogo. Majivu, unga na kahawa pia viache jikoni. Vinaganda ndani ya jeraha, na daktari analazimika kuvikwangua kabla ya kuanza kazi yake.

Tatu, kuosha. Damu ikishasimama, chemsha lita moja ya maji, tia vijiko viwili vya chai vya chumvi vilivyosawazishwa, acha yapoe hadi uvuguvugu. Kata nywele zilizozunguka jeraha kwa mkasi, ukiwa umelifunika kwa shashi mbichi ili nywele zisiingie. Kisha vuta maji hayo kwa bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe, uyasukume ndani ya jeraha tena na tena mpaka yanayotoka yawe safi. Udongo wetu huu mwekundu unanata, kwa hiyo lita nzima si nyingi. Kama una ayodini ya duka la dawa, ichanganye na maji hadi ifanane na chai ya rangi iliyo nyepesi, ndipo uitumie kumalizia. Ikimiminwa kavu inaunguza nyama hai, na spiriti na mafuta ya taa ni vibaya zaidi. Ile spreyi ya bluu ya ng'ombe nayo isubiri: ikishapakwa hakuna anayeona kingo ziko wapi.

Kipande kinachoonekana juujuu kitoe kwa kibanio. Kilichozama kiache. Huenda ndicho kinachoziba mshipa.

Nne, kuamua kama ashonwe. Mama mmoja wa Isyesye alinipigia jioni. Alikuwa amebana, amesafisha, na dume lake la kilo kama 25 lilikuwa limetulia.

"Daktari, limejifunga lenyewe. Nimpake tu dawa?"

"Mama, shika unyayo, vuta kingo pande mbili kwa vidole gumba, taratibu. Unaona nini?"

Akanyamaza kidogo. "Ndani kuna kama mafuta, ya waridi."

Hilo ndilo jibu. Ngozi ya mto ni ngumu na nene, na chini yake kuna tabaka laini lenye mafuta. Ukiliona, ngozi imekatwa yote, na mbwa akikanyaga jeraha litapanuka. Kama mkato haujafika huko, yaani unaona ngozi ngumu tu hata ukivuta, hauhitaji kushonwa. Utapona kwa kufungwa vizuri. La mbwa wake lilikuwa na urefu wa kama sentimita mbili, kwenye mto mkubwa wa katikati, unaobeba uzito. Nikamwambia amfunge, asimpe chakula kwa kuwa atachomwa dawa ya usingizi, na amlete mapema iwezekanavyo.

Mpeleke pia kama ngozi imebaki kipande kinachoning'inia, kama mkato uko kwenye utando kati ya vidole, kama damu inarudi kila ukiachia, au kama unahisi kitu kigumu ndani. Ishara moja watu huipita: mbwa akisimama, ukucha wa kidole kimoja unaangalia juu wakati wenzake wanagusa chini. Kano imekatika, na hapo hata mkato mfupi ni kazi ya daktari.

Muda una maana. Ndani ya saa sita hadi nane daktari anaweza kulisafisha na kulishona moja kwa moja. Likikaa zaidi, wadudu wameshazaliana ndani, na mara nyingi ataliacha wazi kwanza. Nyuzi za unyayo hukaa wiki mbili hadi tatu kwa sababu kila hatua inazivuta, na hata zikishonwa vizuri huweza kukatika mbwa akiachwa akimbie.

Tano, kufunga. Weka shashi juu ya jeraha, pamba nyembamba kati ya vidole, kisha bandeji kutoka vidoleni kupanda hadi juu ya kifundo. Acha kucha mbili za katikati zionekane. Vidole vikivimba, vikiachana au vikiwa baridi, umekaza mno, fungua. Badilisha kila siku, na papo hapo ikilowa. Msimu wa mvua mvalishe mfuko wa plastiki akitoka, umvue akirudi, maana unyayo unaotokota jasho ndani ya plastiki huoza haraka. Harufu mbaya, usaha, au mbwa aliyekuwa anakanyaga kuacha kukanyaga ni sababu ya kurudi kwa daktari siku hiyohiyo.

Usimpe panado, diklofenaki wala ibuprofeni za nyumbani. Zinaharibu ini, tumbo na figo za mbwa, na kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kumdhuru vibaya mbwa mdogo. Dawa ya maumivu ipangwe na daktari wa mifugo kwa kilo zake.