Barua ya kuomba kazi ya ualimu: eleza kipindi kimoja tu

Mwalimu mpya unayeomba shule binafsi ya msingi, usiandike "natumia mbinu shirikishi na nina udhibiti mzuri wa darasa". Kila mwombaji huandika hivyo. Chagua kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha ukieleze kwa sentensi nne au tano. Mfano: "Darasa la pili, kutoa kwa kukopa, 42 − 17. Watoto walikaa wannewanne. Nilitoa maelekezo kwanza, mmoja akayarudia, ndipo nikagawa vijiti. Kila kundi lilifungua fungu moja la kumi ili kupata vijiti 12, likatoa 7. Walioendelea kuandika 35 niliwarudisha kwenye vijiti." Hilo jibu la 35 ndilo lenye uzito, maana linaonyesha uliona mtoto ametoa 2 kwenye 7, badala ya kumwekea kosa tu. Na kugawa vijiti baada ya maelekezo ndio udhibiti wenyewe: mwalimu mkuu anauona bila kuambiwa.

Mbinu hii haifai kama kipindi kiliendeshwa zaidi na mwalimu mlezi. Mwalimu mkuu akikuuliza "waliomaliza mapema walifanya nini?" utakwama.