Simu ya video na mteja wa mlimani: jiandae Kiingereza kisikukwamishe

Mwongozo huu ni kwa anayeuza safari za Kilimanjaro kutoka Moshi au Arusha, na mteja wake yuko, tuseme, Ujerumani. Kiingereza ni lugha ya kuazima kwenu nyote wawili.

Hatua ya 1: Andika sentensi tatu. Nazitaja kwa maana yake. Wewe ziandike kwa Kiingereza chako, fupi, kisha zisome kwa sauti mpaka zitoke bila kukwama. Bandika karatasi karibu na kamera, macho yasihangaike.

Ya kufungulia: "Nitarudia kila tarehe na bei ili tuwe na uhakika." Hapo umejipa ruhusa ya kuuliza, na hujaomba radhi kwa lugha yako.

Ya kukwama: "Nimesikia watu wanne, njia ya Machame. Tarehe ngapi?" Ukisema tu "rudia", atarudia maelezo yote kwa kasi ileile. Ukitaja ulichoshika, anakujibu kipande kilichobaki. Wala usisingizie mtandao: atapaza sauti, hatapunguza kasi.

Ya kupata muda: "Nikague bei hiyo, nitakutumia leo jioni." Bei ya kukisia ukiwa na wasiwasi hulipwa na faida yako.

Hatua ya 2: Jihadhari na "ndiyo". Hapa ndipo ugomvi mwingi huanzia. Mteja anauliza, "Choo cha kuhamishika hakimo kwenye bei?" Sisi kwa mazoea tunaitikia ndiyo, yaani umesema kweli, hakimo. Kwa Kiingereza yeye amesikia kimo, na atakidai akishafika kambini. Swali lolote lenye kukanusha lijibu kwa sentensi nzima: "Choo hakimo. Ni nyongeza, unalipia kando." Ukiona ameandika kitu haraka baada ya "ndiyo" yako, muulize ameandika nini.

Hatua ya 3: Saa zitajwe kwa tarakimu. Kuondoka saa mbili asubuhi ni 08:00, lakini ulimi ukiwa na haraka hutamka mbili. Mjerumani naye akisema nusu ya tisa kwa mazoea ya kwao anamaanisha 08:30, ilhali Mwingereza akisema hivyo anamaanisha 09:30. Kwa hiyo usibishane kwa mdomo. Andika kwenye sehemu ya ujumbe wa simu hiyo:

```
4 pax | Machame | 12 Aug 2026 | 08:00 EAT
```

Mwezi uuandike kwa herufi, kwa sababu 08/12 kwa Mmarekani ni Agosti na kwa Mjerumani ni Desemba.

Hatua ya 4: Washa maandishi. Kwenye Zoom bonyeza `Show captions`. Yatakusaidia kwa sentensi ndefu, ila majina kama Machame na Marangu huyavuruga, kwa hiyo njia ithibitishe kwa kuiandika.

Kabla ya kukata simu, mwombe asome mstari ule kwa sauti, kisha utume pia WhatsApp. Akisita kwenye kipengele kimoja, zungumzeni hicho tu, palepale.