Somo: Gama imepanda. Ni kilima au mnara?

Gama ni sehemu ya protini za damu yenye kingamwili nyingi. Chukua sampuli mbili za damu, A na B. Kila moja ina jumla ya protini gramu 96 kwa lita, na gama ni asilimia 37.5, yaani gramu 36. Kwa tarakimu ni mapacha.

Hatua ya 1. Tumia seramu ya damu iliyoganda kabisa. Plazma bado ina fibrinojeni, nayo huchora mstari kati ya beta na gama. Mstari huo umewahi kunifanya nimpigie daktari simu bure.

Hatua ya 2. Endesha elektroforesisi kwenye jeli ya agarosi, bafa ya pH 8.6. Albamini hutangulia kuelekea anodi, imunoglobulini nyingi hubaki nyuma kwenye gama. Paka rangi, kisha soma kwa densitomita.

Hatua ya 3. Tazama jeli yenyewe kabla ya mchoro. Gama ya A ni wingu pana lisilo na kingo, na mchoro wake ni kilima. Koo nyingi za seli za plazma zimetoa kingamwili zenye chaji zinazotofautiana kidogo, kila moja ikasimama pake. Ndivyo inavyokuwa kwenye maambukizi sugu au ugonjwa wa ini. B ina mstari mwembamba wenye kingo kali, na mchoro wake ni mnara: ukoo mmoja umetoa protini ileile, zote zikasimama mahali pamoja.

Kwa B, pima mnara peke yake. Hapa ni asilimia 33, yaani gramu 32 hivi kwa lita. Gama iliyobaki ni gramu 4 tu, kwa hiyo kingamwili za kawaida zimeshuka. Jumla ya gama ilikuwa imelificha hilo.

Hatua ya 4. Imunofikseshoni, yaani kutambua aina ya kingamwili kwa antiseramu. Weka sampuli ileile kwenye njia sita za jeli, uiendeshe tena. Ya kwanza hupata kemikali inayotuamisha protini zote. Nyingine hupata antiseramu za IgG, IgA, IgM, na za minyororo myepesi ya kapa na lamda. Osha, paka rangi. B ilitoa mstari kwenye IgG na kapa, usawa uleule: IgG kapa. A ilitoa ukungu kwenye IgG, kapa na lamda pia.

MASWALI

Mwanafunzi: Mwalimu, nikiona mstari kwenye lamda tu?
Jibu: Rudia kwa antiseramu za IgD na IgE. Zikiwa tupu, fikiria minyororo myepesi huru. Pima hiyo kwenye seramu na uangalie mkojo.

Mtaalamu wa maabara: Mstari wangu wa IgG una uwazi katikati.
Jibu: Antijeni imezidi antiseramu, mchangamano haukutuama pale katikati. Ongeza dilusheni, urudie.

Mwanafunzi: Mnara mdogo unaweza kujificha ndani ya kilima?
Jibu: Ndiyo, na densitomita huupita. Ukiona kinundu begani mwa kilima, fanya imunofikseshoni hata kama jumla ya gama haikushtui.