Dogo wa miaka 14 na vyuma: atadumaa? Na skwati aianzeje

Mzazi akimleta mtoto mazoezini kwangu swali huwa ni lile lile, "kocha, vyuma si vitamdumaza huyu?" Hapana, mazoezi ya nguvu yakifanywa vizuri hayamfupishi mtu. Ila hofu yenyewe ina pa kuanzia, kwa hiyo tuanze nayo.

Mifupa mirefu ya miguu na mikono inarefukia karibu na ncha zake, hapo kuna gegedu laini ambalo linageuka mfupa mtu anapomaliza kurefuka, wasichana wengi ni kwenye miaka 14 au 15, wavulana 16 au 17, wengine wanachelewa zaidi. Gegedu hilo ni dhaifu kuliko mfupa wenyewe na likivunjika vibaya ukuaji wa mfupa huo unaweza kweli kuharibika. Sasa angalia linavunjikaje jim: dogo kadondokewa na chuma, au kapakia uzito wa kuwatambia wenzie mgongo umepinda na hakuna mtu mzima karibu. Kwenye mpira pia linavunjika, kwa kuanguka tu, na sijaona mzazi anayekataza mpira kwa sababu hiyo. Ukirukia mpira wa kichwa ukatua, miguu inapokea mzigo mara kadhaa ya uzito wa mwili wako, dambeli ya kilo 6 hapo ni utani. Na wale wanyanyua vyuma wafupi mnaowaona kwenye tivii, vyuma havikuwafupisha, ufupi ndo uliwafaa kwenye mchezo wao kama urefu unavyowafaa watu wa kikapu.

Haya, tuchukue winga wa miaka 14, kilo 52, hajawahi kushika chuma. Nitaenda na skwati tu maana ndo inayofundisha mengi.

Hatua ya 1, wiki mbili za mwanzo bila uzito. Pasha mwili dakika 5 mpaka 10, halafu weka boksi au benchi nyuma yake, akae taratibu mpaka aguse, asimame. Seti 2 za mara 10, siku 2 kwa wiki zisizofuatana. Mi huwa nasimama pembeni yake naangalia vitu vitatu tu: visigino visinyanyuke, magoti yaelekee vinakoelekea vidole vya miguu yasiangukie ndani, na mgongo usikunjike akifika chini. Asipoweza kufika chini bila mgongo kukunjika usilazimishe, pandisha boksi juu kidogo.

Hatua ya 2, dambeli moja ya kilo 4 au 6 ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Uzito ukikaa mbele unamsaidia abaki wima, na akichoka anaiweka chini tu, hakuna chuma cha kumkalia shingoni. Hapa nashauri asiongeze kilo haraka, aongeze idadi kwanza: kutoka mara 10 apande mpaka 15. Akifanya seti 2 za 15 safi mazoezi mawili mfululizo, na akimaliza unaona bado angeweza kuongeza mbili tatu, ndo apande kilo 2, arudi mara 10. Huyu winga wetu akianza na kilo 6, baada ya miezi miwili kuwa kwenye 10 au 12 ni mwendo mzuri tu. Atakuwa na nguvu zaidi huku misuli haijavimba, msishangae, mwanzoni ni mishipa ya fahamu inajifunza kuiamsha misuli iliyopo.

Hatua ya 3, na hii wengi wanairuka: mpime urefu kila mwezi, saa ile ile, maana asubuhi kila mtu ni mrefu kidogo kuliko jioni. Kukiwa na mwezi karefuka ghafla utaona na skwati inaharibika, miguu mirefu mipya hajaizoea, magoti yanayumba, yani dogo aliyekuwa safi anakuwa kama kaanza jana. Sio uvivu. Rudisha kilo, rudi kwenye boksi wiki kadhaa.

Maumivu sasa. Misuli ya mapaja kuuma kesho yake ni kawaida. Uvimbe mgumu unaouma chini kidogo ya goti, pale mfupa ulipojitokeza, kwa umri huu ni wa kawaida kwa wanaoruka na kukimbia sana, punguza kuruka na skwati za chini. Lakini akichechemea, au maumivu yako sehemu moja karibu na kiungo na yanabaki siku kadhaa, au mgongo wa chini unauma akijipinda nyuma, simamisha na aende akaonwe na daktari.

Kujaribu uzito wa mwisho kabisa, ule wa mara moja tu, kwa huyu bado. Dambeli ikifika kilo 16 au 18 mikono inachoka kabla ya miguu, hapo ndo anahamia kwenye chuma kirefu, kitupu kwanza, na kumbuka kile cha kawaida peke yake ni kilo 20.