Ngazi ya 3D: gawanya kimo chote kwanza, chora kipandio kimoja tu

Mnaochora ngazi za nyumba kwenye SketchUp, msikisie kimo cha kipandio. Pima kutoka vigae vya chini hadi vigae vya juu, kisha gawanya kwa namba kamili. Mfano, 2890 mm kwa 17 ni 170 mm. Pa kukanyagia weka 280 mm: kimo mara mbili ukijumlisha na hiyo 280 unapata 620, hatua ambayo mtu mzima anapanda bila kujikaza. Pa kukanyagia patakuwa 16, si 17, kwa sababu kimo cha mwisho kinaishia kwenye sakafu ya juu yenyewe. Chora boksi moja la 280 kwa 170, lifanye Component, chukua Move, bonyeza Ctrl, shika kona ya chini mbele, iachie kona ya juu nyuma, andika `15x`, Enter. Ukirekebisha moja, yote yanafuata.

Kama ni ngazi ya mbao, ule ubao mrefu wa ubavuni wenye meno ukatwe chini kwa unene wa kibao cha kukanyagia. Usipoukata, kibao cha 40 mm kinafanya kimo cha kwanza kiwe 210 na cha mwisho 130, na watu watajikwaa hapo hapo. Hili halionekani kwa macho kwenye mchoro. Lipime kwa Tape Measure.

Njia hii inagoma kwenye kona yenye vipandio vya pembetatu. Hivyo chora kimoja kimoja, kimo kibaki 170.