Kabla ya kuchanganya mlonge au kitunguu saumu na wafarini

Wafarini hupewa watu waliowekewa valvu ya bandia kwenye moyo, wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, au waliopata damu iliyoganda mguuni au kwenye mapafu. Ni dawa yenye nafasi finyu: ikizidi kidogo mtu anavuja damu, ikipungua damu inaganda. Ndiyo maana kliniki hupima INR, namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Wengi hutakiwa wawe kati ya 2 na 3, na wenye valvu ya chuma upande wa kushoto chini, yaani ya mitral, kati ya 2.5 na 3.5.

Kabla ya kuonja dawa ya asili yoyote, ijue namba yako ya mwisho na tarehe uliyopimwa. Kama imekuwa ikipanda na kushuka, huo si wakati wa kuongeza kitu kipya.

Kisha uliza unachotaka kunywa ni sehemu gani ya mmea. Ini hutumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu, na wafarini hufanya kazi kwa kuizuia vitamini hiyo isitumike tena. Majani ya kijani kibichi, mlonge ukiwemo, yana vitamini K, na yakikaushwa na kusagwa, kijiko kimoja hubeba majani mengi. Kwa hiyo unga wa mlonge unaweza kuirudishia ini kile ambacho dawa inakizuia.

Chukua mtu anayemeza miligramu 5 kila jioni, INR yake imetulia kwenye 3. Anaanza kutia vijiko viwili vya unga wa mlonge kwenye uji kila asubuhi, bila kumwambia mtu. Baada ya wiki mbili anapimwa, INR ni 1.8. Daktari, asiyejua habari ya uji, anaongeza dozi. Mwezi unaofuata unga unaisha nyumbani. Dozi imebaki ile kubwa, mlonge uliokuwa ukiipinga umeondoka, na INR inapanda kupita 5. Hatari kubwa ya kuvuja damu imekuja siku alizoacha mlonge, wala si siku alizokuwa akiunywa. Ndiyo sababu mtu anayekula mchicha au kisamvu kiasi kilekile kila wiki mara nyingi hana shida, kwa kuwa dozi yake ilipangwa juu ya chakula hicho. Kinachovuruga ni kuanza ghafla na kuacha ghafla.

Kitunguu saumu na tangawizi hupitia njia nyingine. Vikinywewa kwa wingi, kama ule mchanganyiko wa saumu, tangawizi, limau na asali, vinaweza kupunguza uwezo wa chembe sahani za damu kushikana na kuziba jeraha. INR haipimi chembe sahani. Unaweza kuwa na 2.8 safi kabisa kwenye karatasi na bado ukavuja damu kirahisi, hasa ukiongeza asprini au diklofenak. Vipande viwili vya saumu kwenye mchuzi si tatizo. Kikombe cha juisi yake kila siku ndicho cha kuogopa.

Tunasikia sana kwamba ukipisha saa mbili kati ya dawa ya hospitali na ya asili hakuna madhara. Kupisha saa husaidia pale vitu viwili vinapogombana tumboni, kama chai na vidonge vya madini ya chuma. Wafarini hukaa mwilini kwa siku kadhaa, hivyo asubuhi na jioni vinakutana tu.

Ukiamua kutumia, nenda kliniki na kopo lenyewe, ueleze ni majani, mizizi au magome, vijiko vingapi, na kama unachemsha au unaloweka. Anza kimoja kwa wakati. Omba kupimwa INR kabla, kisha tena baada ya siku tano hadi saba, kwa sababu protini za zamani huchukua siku kadhaa kuisha kwenye damu. Kipimo cha kesho yake hakitaonyesha kitu. Ukiacha pia, omba kipimo kingine baada ya siku hizohizo tano hadi saba. Dawa ya chupa isiyoandikwa kilichomo iache kabisa, maana hata mfamasia hawezi kukukadiria chochote.

Usingoje miadi ukiona kinyesi cheusi kama lami, mkojo mwekundu, fizi zisizoacha kutoka damu, michubuko bila kugongwa, au kichwa kinachouma vikali ghafla. Upande wa pili wa hatari ni mdomo kupinda, mkono kulegea, mguu mmoja kuvimba, kupumua kwa shida, au mlio wa valvu ya chuma uliozoea kuusikia kufifia. Kwa dalili yoyote kati ya hizi nenda hospitali saa hiyohiyo, na kopo la dawa ya asili uende nalo.