WhatsApp inagoma kwenye bando ila waifai inakubali: angalia hapa kwanza

Wiki iliyopita kaja mama mmoja kijiweni kwangu Mwanjelwa, anauza maparachichi kutoka Tukuyu, simu yake Redmi. Anasema, "Mwanangu, nyumbani kwa waifai ya kijana wangu WhatsApp inafunguka vizuri, nikifika sokoni inaandika `Connecting...` tu, wateja wanadhani nawakimbia." Bando kashanunua mara mbili, na kuna mtu keshamwambia afute apu aweke upya. Usikubali hilo haraka jamani, kama hujafanya bakapu meseji zote zinaondoka.

Anza hivi. Zima waifai, washa data, fungua Chrome utafute kitu ambacho hujawahi kukitafuta, maana ukurasa wa zamani unaweza kufunguka hata bila neti ukakudanganya. Ikifunguka, basi laini ni nzima, bando lipo na APN, yani mipangilio ya intaneti ya laini yako, iko sawa, kwa sababu apu zote zinapita njia hiyohiyo. Ila hakikisha bando lako ni la intaneti ya kawaida, sio lile la mitandao ya kijamii peke yake, hapo majibu yatakuchanganya.

Chrome ya mama ikafunguka chap. Nikajua WhatsApp yenyewe ndo imefungiwa.

Kwenye Redmi, bonyeza ikoni ya WhatsApp ukiishikilia, chagua `App info`, shuka mpaka `Restrict data usage`. Inakuja orodha fupi: waifai, data ya laini ya kwanza, data ya laini ya pili, kila moja na kiboksi chake, chenye tiki ndo kimeruhusiwa. Ya mama waifai ilikuwa na tiki, laini ya kwanza ina tiki, laini ya pili hamna kitu, na bando analiweka laini ya pili! Ndo maana kuna siku ilikuwa inakubali akitumia laini ile nyingine, akawa analaumu mtandao. Tukaweka tiki, tukabonyeza `OK`, meseji zikaanza kumwagika hapohapo, za tangu asubuhi.

Kwa iPhone nenda `Settings`, halafu `Cellular` (simu nyingine imeandikwa `Mobile Data`), shuka chini kwenye orodha ya apu uwashe swichi ya hiyo inayogoma. Swichi hiyo haigusi waifai kabisa, ndo maana nyumbani huoni shida.

Samsung usiichanganye na haya, ile `Allow background data usage` inahusu apu ikiwa nyuma, yani meseji haziingii mpaka uifungue. Kama ukiifungua inafanya kazi, shida yako ni hiyo.

Ukikuta tiki zote zipo na bado inagoma, angalia kama una apu ya VPN au ya kubana data, hizo nazo zinaweza kufungia apu moja, izime ujaribu tena ukiwa kwenye bando, sio waifai.